“Nimekuja Kujifunza” Haimsaidii Mkunga wa Zamu

Kila kituo cha afya nilichofanyia kazi kilikuwa na desturi ileile. Mtumishi mpya akisharipoti, kesho yake asubuhi anasimamishwa kwenye kikao cha ripoti ya usiku. Mganga mfawidhi anataja jina lake, kisha anamwachia nafasi aseme neno. Neno lenyewe halizidi dakika moja. Tunapiga makofi, ripoti inaendelea, na kila mtu anarudi wodini kwake akiwa ameshaamua moyoni mgeni huyu ni mtu wa namna gani.

Mimi ni muuguzi mkunga, na vikao hivyo nimevikalia kwa zaidi ya miaka 20. Ninachotaka kukizungumzia ni dakika hiyo moja, hasa ya madaktari vijana wanaopangiwa vituo vyenye chumba cha upasuaji wa dharura wa uzazi. Wengi wanaiona kama dakika ya adabu tu, ya kuonyesha kwamba mtu kalelewa vizuri. Mimi naiona kama sehemu ya matibabu, na nitaeleza kwa nini.

Kituo kimoja tuliletewa daktari kijana, mpole, mwenye heshima. Aliingia kikaoni akawapa wakubwa shikamoo mmoja mmoja, mpaka mhudumu wa usafi aliyesimama mlangoni. Alipopewa nafasi akasema, “Mimi ni mdogo wenu. Sina mengi. Nimekuja kujifunza kutoka kwenu, naomba mnipokee.” Tulimpenda palepale. Mama mmoja wa kliniki ya watoto alitoka nje akisema huyu ni mtoto wa watu.

Usiku wa nne zamu ilikuwa yangu. Saa nane usiku nilikuwa na mama wa uzao wa kwanza, njia imefunguka sentimita 8 na kwa saa nne haijasogea. Kwenye patografu, karatasi yetu ya kufuatilia uchungu, alama zilikuwa zimeshafika mstari wa kuchukua hatua, na mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kushuka kila uchungu ulipopita. Huyo ni mama wa thieta, hapakuwa na la kujadili. Daktari kijana alikuwa amelala nyumba za watumishi, hatua kama 200 kutoka wodini. Lakini sikumpigia yeye. Nilimpigia daktari msaidizi wetu mzee, aliyekuwa akikaa kijiji cha jirani, naye akaja kwa pikipiki gizani. Tangu nipige simu mpaka kisu kinagusa ngozi zilipita dakika 50. Mtoto alitoka amelegea, tukampulizia hewa kwa ambu mpaka akalia, na namshukuru Mungu kwamba alilia.

Asubuhi, tukisimulia yaliyotokea, yule kijana akauliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuamshwa. Katika mwaka wake wa mafunzo ya vitendo alikuwa ameshafanya upasuaji wa aina ile zaidi ya mara 40. Mimi sikujua. Ningeweza kumuuliza siku ile ya kwanza na sikumuuliza, na kosa hilo ni langu. Lakini usiku ule, nikiwa na mama anayelia na dakika zinakwenda, kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani kuhusu daktari yule ni maneno yake mwenyewe: sina mengi, nimekuja kujifunza.

Sisemi adabu yake ilikuwa mbaya. Kwetu mtu anapoingia nyumba ya wenyewe anajishusha, na kila mwenye akili anajua kwamba “mimi ni mdogo wenu” ni namna ya kubisha hodi. Hakuna anayeichukua kama taarifa. Shida inakuja pale ambapo baada ya hodi hakufuati kitu. Adabu ikichukua dakika nzima, taarifa inabaki mfukoni, na wenyeji wanalazimika kujaza pengo kwa kubahatisha: wanatazama umri, sura, mavazi, na jinsi anavyoongea. Kijana yule alikuwa na uso wa mwanafunzi wa sekondari. Tukabahatisha vibaya.

Kuna jambo jingine linalozidisha ugumu, nalo ni neno “daktari” lenyewe. Huku kwetu kila anayekaa chumba cha kumwona mgonjwa huitwa daktari. Tabibu anaitwa daktari, daktari msaidizi anaitwa daktari, aliyesoma shahada miaka mitano anaitwa daktari, na bingwa naye ni daktari. Mgonjwa hana hasara kubwa kwa hilo, maana ni jina la heshima. Ila kwa sisi tunaofanya kazi pamoja, mtu akisema “mimi ni daktari mpya” hajatuambia kama anaweza kufungua tumbo au hapana. Ni lazima ataje kada yake, na baada ya kada ataje mikono yake imefika wapi, kwa sababu hata waliosoma chuo kimoja darasa moja hawatoki na mikono sawa. Mmoja alifanyia mafunzo hospitali yenye wajawazito wengi na mabingwa wachache, akashika kisu kila wiki. Mwenzake alikaa penye foleni ya wanaojifunza, akabaki kushikilia vifaa.

Wapo wanaokosea upande wa pili, na hao nao nimefanya nao kazi. Mmoja alitusomea vyeti vyake kuanzia kidato cha sita, akataja hospitali ya rufaa alikotoka mara nyingi kuliko alivyotaja kituo chetu, na kila sentensi ilianza na “kule sisi tulikuwa tunafanya hivi.” Alikuwa hodari kweli, hilo halina ubishi. Kilichotokea ni kwamba watu waliziba midomo. Ukishamweleza muuguzi wa thieta kwamba alichokuwa akikifanya miaka 15 ni cha kizamani, hatabishana nawe. Atanyamaza. Na kunyamaza huko hakuishii kwenye kikao. Siku atakapoona gozi moja ya kufyonzea damu haipo kwenye hesabu na wewe unaanza kufunga tumbo, atasita. Atahesabu tena peke yake, atajiuliza kama amekosea yeye, na zitapita sekunde kadhaa kabla hajathubutu kusema. Sifa iliyopandishwa mno siku ya kwanza inaongeza sekunde hizo.

Watu wa upasuaji wamelifikiria jambo hili kwa makini kuliko ofisi nyingi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, yenye mambo 19 ya kuhakikisha kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Kati ya hayo 19, jambo linaloanza pale kisu kinaposubiri kushikwa halihusu dawa wala vifaa. Linataka kila aliyemo chumbani awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8 duniani, na mmojawapo ni Ifakara yetu ya Morogoro, sambamba na London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Matokeo yalipochapishwa Januari 2009, vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hakuna anayeweza kukuambia ni sehemu gani ya nafuu hiyo ilitokana na watu kutajana majina, kwa kuwa mambo yote 19 yaliingia pamoja. Tena utafiti mwingine mkubwa, wa hospitali 101 za jimbo la Ontario nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona nafuu iliyo wazi baada ya orodha ileile kuamriwa itumike. Mimi kwa niliyoyaona siyashangai matokeo hayo mawili. Kutaja jina kwa sababu karatasi inataka utaje ni kitu kimoja. Kujitambulisha ili mwenzako ajue akuombe nini, na akukatalie nini, ni kitu kingine. Katika ile namna ya pili, aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani humo huwa haoni taabu kuitoa tena mambo yanapoharibika.

Sasa nieleze utambulisho mmoja uliofanya kazi. Alikuwa daktari wa kike, mdogo kwa umri kuliko binti yangu wa kwanza. Asubuhi ile mlinzi alikuwa ameshatangaza getini kwamba “sista mpya amefika,” kwa kuwa daktari wa kike kijana huku kwetu hudhaniwa nesi mpaka aseme mwenyewe. Mganga mfawidhi naye, kwa furaha ya kupata mtu, alimtambulisha kama bingwa wa akina mama. Yeye akasimama. Nayakumbuka maneno yake karibu yote, kwa sababu jioni ile niliyaandika kwenye daftari langu la zamu:

“Shikamooni wakubwa zangu. Habari za asubuhi wenzangu. Mganga mfawidhi amenipa heshima kubwa, namshukuru, ila mimi bado si bingwa. Ni daktari, nimemaliza mafunzo ya vitendo mwaka jana. Upasuaji wa kujifungua nimefanya mara 46: 30 za mwanzo nikisimamiwa, zilizobaki mwenyewe, bingwa akiwa ndani ya hospitali. Kizazi kilichopasuka nimesaidia kushona mara 3, sijawahi kushona peke yangu. Hapo mkiniita nitakuja, lakini nitaomba daktari msaidizi aitwe pamoja nami na gari la wagonjwa liwekwe tayari. Nimeambiwa yeye yuko hapa miaka 18. Mzee wangu, nakuomba wiki mbili hizi usimame nami thieta, mimi nikikata wewe unitazame. Na dada wa thieta, sitafunga tumbo kabla hujanipa hesabu ya gozi kwa sauti. Ukinyamaza, nasubiri. Simu yangu usiku haizimwi.”

Akakaa. Haikufika dakika mbili.

Tazama alivyoanza. Alitoa shikamoo kama yule kijana wa kwanza, na haikumpunguzia kitu. Nimewasikia vijana wakiogopa kwamba ukimwamkia muuguzi shikamoo huwezi tena kumwelekeza kazi. Si kweli. Shikamoo inahesabu miaka, haihesabu vyeo, na mkubwa aliyeamkiwa vizuri hupokea maelekezo kwa moyo mweupe kuliko aliyerukwa.

Halafu alirekebisha sifa aliyopewa, palepale, mbele ya wote, kabla haijatoka mlangoni. Hilo linahitaji ujasiri, maana anayekusifu ni bosi wako na unaogopa kumwaibisha. Yeye alianza kwa kumshukuru, kisha akasema ukweli kwa maneno manne. Angeiacha ipite, kufikia mchana angekuwa bingwa mpaka kwa mama lishe wa nje ya geti, na wiki hiyohiyo angeletewa mgonjwa wa bingwa.

Hapa nina ombi kwa waganga wafawidhi. Mwaka 2006 Jeffrey Pfeffer na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba sifa zilezile zikisemwa na mtu mwingine, mhusika anapendwa zaidi na watu wako tayari zaidi kumsaidia kuliko anapozisema mwenyewe. Kwa hiyo nafasi ya mwenyeji ni kubwa. Ila mwenyeji akisifu bila kuuliza, anamtwika mgeni mzigo asioweza kuubeba. Inatosha kumwita ofisini dakika tano kabla ya kikao ukamuuliza: nikutambulishe kama nani, umefanya nini kwa mikono yako, na kitu gani nisikutaje nacho. Baada ya hapo mfawidhi ataje uwezo, mgeni mwenyewe ataje mipaka. Mgawanyo huo unampunguzia kila mmoja uzito.

Kisha ile namba, 46. Mtu mwingine angesema “nina uzoefu wa kutosha,” na hapo ndipo majivuno yanapoanza, kwa kuwa uzoefu wa kutosha ni hukumu mtu anayojitolea mwenyewe. Namba haihukumu. Inaniachia mimi mkunga niamue kama 46 inanitosha kwa mgonjwa niliye naye. Tena hakuiacha uchi. Alisema ngapi alisimamiwa na ngapi alikuwa mwenyewe, na kwamba hata akiwa mwenyewe bingwa alikuwa karibu. Kituoni kwetu bingwa hayupo, kwa hiyo maneno hayo machache yalituambia kwamba hata lile analolijua atalifanya katika mazingira mapya kwake. Namba peke yake ingeweza kudanganya. Nimemwona mtu mwenye upasuaji 200 na mikono mizito.

Baada ya namba ulikuja mpaka. Kizazi kilichopasuka si jambo la mbali kwetu. Linatokea, hasa kwa akina mama waliowahi kupasuliwa wakachelewa nyumbani. Aliposema sijawahi kushona peke yangu, hakuna aliyemdharau. Kinyume chake, ndipo tulipoamini zile 46, kwa kuwa mtu anayetaja asichokiweza kwa jina lake hana sababu ya kudanganya kuhusu anachokiweza. Na hakuishia kwenye kukiri. Alituambia tufanye nini siku hiyo ikifika: nani aitwe, gari gani liwe tayari. Mpaka uliosemwa pamoja na hatua ya kuchukua ni maelekezo ya kazi. Ukisemwa peke yake unabaki ungamo, na wenyeji hawajui walifanyie nini.

Heshima kwa yule mzee nayo haikuwa ya maneno. “Nitajifunza kutoka kwenu” haimgharimu mtu kitu. “Simama nami wiki mbili unitazame” ilimgharimu, kwa sababu alikubali kutazamwa mikono na mtu mwenye kisomo kidogo kuliko chake, mbele ya wauguzi. Mzee alikubali kwa kutikisa kichwa tu, lakini wiki zile mbili hakukosa siku hata moja. Na alipomwambia dada wa thieta habari ya gozi, alifanya jambo ambalo “mkiona nakosea niambieni” halijawahi kufanya. Kila mgeni husema mkiona nakosea niambieni, na hakuna anayewaambia. Yeye alimpa mtu mmoja kitu kimoja cha kusema, kwa wakati unaojulikana, na akaeleza kitakachotokea asiposema.

Kikao kilipokwisha hakwenda chumba cha daktari. Alizunguka. Maabara aliuliza damu ya kundi la O hasi zipo chupa ngapi na ya karibu inatoka wapi. Kwa dereva aliuliza gari lina mafuta ya kufika hospitali ya wilaya kwenda tu, au kwenda na kurudi. Kwa fundi wetu aliuliza umeme ukikatika katikati ya upasuaji, jenereta inawashwa na nani, na ufunguo wa banda anakaa nao nani. Ufunguo ulikuwa na mtu anayekaa mbali na kituo. Kabla ya saa saba mchana ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa thieta. Hakuna aliyemuuliza tena amesomea wapi. Maswali yale yasingeweza kuulizwa na mtu asiyewahi kusimama gizani na tumbo la mtu likiwa wazi.

Nakubali kwamba si kila kazi inaruhusu uwazi wa namna hii. Nina ndugu yangu kwenye ofisi ya mauzo, naye ananiambia kule ukitaja usichokiweza siku ya kwanza, mwenzako anakiandika na kukitoa siku ya kupandishwa vyeo. Siwezi kumbishia mazingira yake. Kwetu mpaka uliofichwa hujulikana tu, na anayeujua wa kwanza ni mgonjwa aliyelala mezani.

Mgeni anayetaka kujua kama dakika yake ilikwenda vizuri asihesabu makofi. Asikilize simu usiku wa wiki ya kwanza. Isipolia kabisa, na wagonjwa wapo, ajue kuna mtu mwingine anayepigiwa badala yake, na aulize kwa upole ni nani na kwa nini. Ikilia kwa kila kitu, hata kwa mgonjwa anayehitaji panadoli, basi hawajui afanyalo wanamjaribu. Ikilia kwa yale aliyoyataja, na kwa yale mengine akaitwa pamoja na mtu aliyemtaja, alieleweka.

Yule dada simu yake ililia usiku wa tatu, saa tisa na robo. Mama aliwahi kupasuliwa mara moja, uchungu ulikuwa umekatika ghafla, tumbo limebadilika umbo. Sikufikiri mara mbili. Nilimpigia yeye, kabla hajavaa viatu nikawa nimempigia mzee, na dereva akaanza kupasha injini.